Grafu inatupa saa 6, mbona maji yalifika kwenye pampu kwa saa 3?

SWALI: Sisi ni kamati ya maji ya kijiji. Mjumbe wetu alipiga picha kwa simu grafu ya mafuriko ya mto wetu iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya maji. Ni ya kituo cha darajani, hatua chache kutoka pampu yetu. Juu zinaning'inia nguzo za mvua iliyopimwa mlimani, chini kuna mstari wa maji. Kwa rula tumepata kilele cha mita za ujazo 84 kwa sekunde, na kutoka nguzo ndefu ya mvua hadi kilele tumepata muda wa saa 6. Lakini daftari letu linasema maji yaligusa jukwaa la pampu saa 12:30 jioni, yaani saa 3 tu baada ya mvua kubwa. Kufungua pampu na kuiinua hutuchukua saa moja na nusu. Je, tumesoma picha vibaya, au daftari ndilo limekosea? Na tuwaambie watu kwamba tuna muda gani?

JIBU: Ndugu Katibu na wajumbe wa kamati,

Daftari lenu halijakosea, na ule muda wa saa 6 mlioupata kwenye picha nao ni sahihi. Kinachohitaji kurekebishwa ni kipimo cha kilele, ambacho picha imekipunguza. Daftari na grafu havipingani kwa sababu kila kimoja kimepima jambo lake: grafu imewapa muda kati ya mvua kubwa na maji yalipofika juu kabisa, ilhali daftari limewapa wakati ambapo maji yalifika kwenye pampu, na pampu haiko juu kabisa. Nitaanza na kilele, kisha nije kwenye muda, ambao ndio wenye uzito kwa kazi yenu.

Picha ilipigwa na mtu aliyesimama chini ya grafu akiielekeza simu juu. Hilo linaonekana kwenye miraba ya karatasi: mraba wa chini kabisa, kati ya mstari wa 0 na mstari wa 20, una urefu wa milimita 15 kwenye nakala mliyoichapisha, lakini mraba ulio kati ya 80 na 100 una milimita 12 tu. Kwenye karatasi halisi miraba yote ni sawa. Ni picha iliyoibana ile ya juu kwa kuwa ilikuwa mbali zaidi na simu. Ninyi mlipima kutoka chini hadi ncha ya mstari, mkapata milimita 63, kisha mkagawanya kwa kipimo cha mraba wa chini, na hapo ndipo ilipotoka 84. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila rula hiyo inafaa kwa miraba ya chini peke yake.

Njia ya kuepuka kosa hilo ni kuachana kabisa na umbali wa kutoka chini, na kusoma ndani ya mraba mmoja tu, ule ambamo ncha ya mstari imeangukia. Mstari wa 80 uko milimita 55 na nusu kutoka chini, kwa hiyo ncha iko milimita 7 na nusu juu yake. Mraba huo una milimita 12 zinazowakilisha mita za ujazo 20. Milimita 7 na nusu ni kama asilimia 62 ya mraba, yaani mita za ujazo 12 na kidogo. Kilele basi ni kama 92, si 84. Hata ukikosea nusu milimita katika kusoma, kosa halizidi mita moja ya ujazo, ambalo ni dogo mno kuliko lile la 8 lililotokana na kupima kutoka chini.

Jambo jingine katika sehemu hiyohiyo ya picha halikutajwa kwenye swali lenu. Ukiikuza picha utaona kwamba mstari wa maji umechorwa mfululizo hadi kama saa 2:30 usiku, kisha unakuwa wa vipande vipande kupitia kileleni, halafu unarudi kuwa mfululizo unaposhuka. Kwa kawaida wachoraji wa grafu hizi hutumia vipande kuonyesha sehemu iliyokadiriwa. Kituo cha mto hakipimi moja kwa moja kiasi cha maji kinachopita. Kinapima kina cha maji, kisha kina hicho hugeuzwa kuwa mtiririko kwa jedwali ambalo wataalamu walilitengeneza kwa kwenda mtoni siku mbalimbali na kupima kasi ya maji pamoja na upana na kina cha mto. Ni nadra mtu kwenda kupima kasi ya maji wakati mto umefurika kupita kiasi, kwa hiyo jedwali huishia kwenye kina fulani, na juu ya hapo mstari hurefushwa kwa makadirio. Namba 92 basi ndiyo iliyoandikwa kwenye grafu, lakini uhakika wake hauwi sawa na wa namba zilizo chini yake. Wakati wa kilele, kwa upande mwingine, hauathiriki sana na kasoro hiyo, maana wakati maji yalipoacha kupanda na kuanza kushuka hujulikana kutokana na kina chenyewe, bila kuhitaji jedwali. Kwenye grafu nyingi za mafuriko mambo huwa hivyohivyo: wakati wa kilele huaminika kuliko ukubwa wake. Iulizeni ofisi sababu ya vipande hivyo, kwani huenda chombo kilisita kufanya kazi kwa muda, na hapo hata wakati wa kilele utakuwa wa kukisia.

Sasa tuje kwenye muda. Kwanza ilinibidi kuhakikisha kwamba saa za grafu na saa za daftari lenu ni saa zilezile, kwa sababu mhimili wa chini wa grafu umeandikwa kwa mfumo wa saa 24, na daftari limeandikwa kwa saa za Kiswahili. Anayesoma 12:00 kwenye grafu akaifananisha na saa 12 jioni kwenye daftari amekwisha potea kwa muda wa saa 6, na kosa hilo halijitangazi lenyewe. Nguzo ndefu ya mvua imesimama kati ya 15:00 na 16:00, kwa hiyo katikati yake ni 15:30, yaani saa 9:30 alasiri. Kilele kiko 21:30, yaani saa 3:30 usiku. Tofauti ni saa 6 kama mlivyosema. Huo ndio unaoitwa muda wa kukawia, kwa maana ya muda ambao mto unachelewa nyuma ya mvua.

Zaidi ya mfumo wa kuandika, yapo makosa ya saa ya chombo chenyewe. Vyombo vingi vya kurekodi huhifadhi saa za kimataifa, zile zinazoandikwa UTC, na grafu ikichorwa bila kuzigeuza, mstari wote husogea kwa saa kamili kadhaa. Hapa ndipo daftari lenu lilipofanya kazi kubwa. Mmeandika kwamba maji yaligusa jukwaa saa 12:30 jioni, na jukwaa liko kwenye alama ya mita 2.4 ya rula iliyosimikwa mtoni. Jedwali dogo lililo pembeni mwa grafu linaonyesha kwamba kina cha mita 2.4 ni mtiririko wa mita za ujazo 40 kwa sekunde. Nikaufuata mstari wa maji pale unapokata 40 ukiwa unapanda, nikashuka hadi kwenye mhimili wa saa, nikakuta 18:30, ambayo ni saa 12:30 jioni hasa. Grafu ilichorwa na chombo, daftari liliandikwa na mtu aliyesimama ukingoni, na vyote viwili vimekutana kwenye dakika zilezile. Kama saa ya mstari wa maji ingekuwa na hitilafu, visingekutana. Nguzo za mvua zilitoka kwenye kipima mvua kingine, lakini mmesema ninyi wenyewe kwamba mvua kubwa ilitangulia kwa saa 3, na grafu inasema hivyohivyo, kwa hiyo nazo hazina shaka, ikiwa saa ya mvua hiyo mliijua wenyewe bila kuisoma kwenye grafu.

Kwa hiyo utata wenu unatatuliwa hivi: kutoka mvua kubwa ya saa 9:30 alasiri hadi kilele cha saa 3:30 usiku ni muda wa saa 6, lakini kutoka mvua hiyohiyo hadi maji kufika mita 2.4 ni muda wa saa 3. Mstari wa maji haukungoja kufika kileleni ndipo ulete madhara. Ulikuwa kwenye mita za ujazo 6 tu hadi saa 10:30 jioni, ukafika 20 saa 11:30, ukafika 40 saa 12:30, kisha ukaendelea kupanda kwa muda wa saa 3 nyingine pampu ikiwa tayari imo majini. Muda wa kukawia ni kipimo kizuri cha kulinganisha mto mmoja na mwingine, au mto uleule kabla na baada ya misitu ya mlimani kukatwa, wahandisi wanauhitaji. Kamati inayolinda kitu kilicho kwenye kimo fulani inahitaji wakati ambapo mstari unavuka kimo hicho, na wakati huo siku zote hutangulia kilele.

Zipo ofisi zinazopima muda wa kukawia kuanzia kitovu cha mvua yote, yaani wastani wa saa za mvua kwa kuzingatia kiasi kilichonyesha kila saa, badala ya nguzo ndefu. Kwa mvua yenu, iliyoleta milimita 4, 11, 22, 14 na 9 katika saa tano mfululizo kuanzia saa 7 mchana, kitovu hicho kinaangukia saa 9:43 alasiri, na muda wa kukawia unapungua kwa dakika 13 tu. Tofauti huwa kubwa pale mvua inaponyesha, ikakatika, kisha ikarudi. Mkiambiwa muda wa kukawia na ofisi, ulizeni umehesabiwa kuanzia wapi, kisha msihangaike nao zaidi.

Lakini hata hizo saa 3 si zenu zote. Tuipitie siku ile kama mtu aliyekuwa kazini, asiyejua grafu itakavyokuwa. Msomaji wa kipima mvua mlimani husoma mwisho wa kila saa. Saa 9 alasiri alikuwa na milimita 11 za saa iliyopita. Saa 10 jioni akasoma 22. Je, saa hiyo angeweza kusema kwamba hiyo ndiyo mvua kubwa? Hapana, kwa sababu saa inayofuata ingeweza kuleta 30. Alijua kwamba 22 ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote pale aliposoma 14 saa 11 jioni, na bado angeweza kuwa na wasiwasi. Kuanzia saa 11 hadi 12:30 ni saa moja na nusu, na kuiinua pampu kunahitaji saa moja na nusu. Kwa hiyo kamati itakayosubiri kuijua mvua kubwa ndipo ipige simu itaanza kazi katika dakika ya mwisho kabisa inayowezekana, bila nafasi ya simu isiyopokelewa, spana isiyoonekana, au giza ambalo saa 12:30 jioni linakuwa limekaribia. Mkiwatangazia watu kwamba wana saa 6, mtakuwa mmewapa muda ambao haupo. Na mkiwaambia saa 3 zihesabiwe kutoka mvua kubwa, mtakuwa mmewapa saa ambayo hawawezi kujua inaanza lini.

Ushauri wangu ni kwamba tangazo lisifungwe kwenye mvua kubwa hata kidogo, bali kwenye jumla ya mvua tangu ilipoanza kunyesha. Jumla hujulikana palepale inapotimia, wala haingoji saa inayofuata ithibitishe. Siku ile jumla ilikuwa milimita 4 saa 8 mchana, 15 saa 9 alasiri, na 37 saa 10 jioni. Tuseme mnaweka kiwango cha milimita 15 kuwa cha kuwaita watu wakae karibu na kuandaa vifaa, na milimita 30 kuwa cha kuanza kuinua pampu bila mjadala. Kwa kufuata kiwango hicho, wito wa kwanza ungetoka saa 9 alasiri, na wa pili saa 10 jioni, ukiwapa muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kufika jukwaani: saa moja na nusu ya kazi, na saa nzima ya ziada kwa ajili ya mawasiliano na vikwazo. Msomaji akiombwa asome kila robo saa mara mvua inapozidi, wito wa pili unaweza kutoka mapema kidogo, kwa sababu, kama mvua ya saa hiyo ilinyesha sawasawa, milimita 30 zilitimia karibu na saa 9:41.

Hizo 15 na 30 nimezitoa kwenye mafuriko mamoja tu, na hapo ndipo penye mpaka wa kile ambacho picha moja inaweza kuwafundisha. Mto huohuo hautapanda vilevile kila mara. Ardhi iliyokauka hunywa sehemu kubwa ya mvua ya kwanza, na milimita 30 zinaweza kuishia kuupandisha mto kwa sentimita chache. Ardhi iliyokwisha lowa humwaga karibu yote mtoni. Mvua iliyonyesha karibu na kijiji, mahali ambapo kipima mvua cha mlimani hakikuiona, hufika kwa haraka bila kuonyesha nguzo yoyote kwenye grafu. Inayonitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, ni hali nyingine ambayo watu wengi huisahau, nayo ni mvua ya pili inayonyesha mto ukiwa bado haujapungua.

Tuifanyie hesabu. Siku ya grafu yenu mto ulianza ukiwa na mita za ujazo 6, ambayo ni kina cha kama mita 1 kwenye rula. Ifikapo saa 11:30 jioni mvua ilikuwa imeongeza 14, ndiyo maana mstari ulisoma 20. Sasa chukulieni kwamba mvua ileile, kwa kiasi kilekile, inanyesha siku ambayo mto tayari una mita za ujazo 25 kutokana na mvua ya usiku uliotangulia. Ongeza 14 zilezile, unapata 39 saa 11:30 jioni. Jukwaa linafikiwa dakika chache baadaye, kama saa 2 tu baada ya mvua kubwa badala ya 3. Kilele bado kitakuwa karibu na saa 3:30 usiku, na muda wa kukawia bado utaandikwa saa 6, huku muda wenu wa kuokoa pampu ukiwa umepungua kwa saa nzima. Ni makadirio, na kwa kweli yanapendelea upande wa matumaini, kwa kuwa ardhi iliyolowa ingemwaga zaidi ya hizo 14 na maji yenye kina hutembea kwa kasi zaidi. Kutokana na hilo, kiwango cha kuanza kazi kinapaswa kutegemea pia rula: kama asubuhi mto unasoma mita 1, subirini milimita 30, kama unasoma karibu na mita 2, anzeni kazi kwenye milimita 15.

Rula hiyo ni ngao yenu ya pili, hasa kwa ile mvua ambayo kipima mvua hakikuiona. Nimegeuza mstari wa grafu kuwa vina kwa kutumia jedwali la pembeni, na siku ile rula darajani ilipaswa kusoma mita 1.0 saa 10:30 jioni, mita 1.4 saa 11, mita 1.75 saa 11:30, na mita 2.4 saa 12:30. Mto ulipanda sentimita 40 katika nusu saa ya kwanza. Mtu akiwa pale na akaona zaidi ya sentimita 30 katika nusu saa, asihitaji kupigiwa simu na yeyote. Wakati huo kazi ianze. Lakini tazameni saa: alama hiyo ilionekana saa 11 jioni, ikiwa imebaki saa moja na nusu kamili. Rula basi haiwezi kuwa alama yenu ya kwanza. Ni ya mwisho, na inawatosha kwa shida.

Ili viwango hivi viwe vyenu kweli badala ya kuwa vyangu, iombeni ofisi kumbukumbu za mafuriko mengine ya kituo hichohicho, matano au sita yakipatikana, yakiwemo ya mwanzo wa msimu wa mvua na ya katikati yake. Kwa kila moja andikeni mambo matatu tu: jumla ya mvua ilitimia milimita 30 saa ngapi, rula ilikuwa inasoma ngapi kabla ya mto kuanza kupanda, na maji yalivuka mita 2.4 saa ngapi. Mkishapata muda wa kila tukio, msichukue wastani. Chukueni muda mfupi kuliko yote, kwa kuwa wastani maana yake ni kwamba karibu nusu ya mafuriko yatawafikia kabla ya muda huo kuisha. Na kama muda huo mfupi utakuwa chini ya saa moja na nusu, basi tangazo la milimita 30 halitawasaidia, na suala litakuwa ni kushusha kiwango hicho, kupunguza muda wa kuinua pampu, au kuliinua jukwaa lenyewe.

Kwa jukwaa ndipo kilele kinaporudi kuwa na maana. Muda unatokana na mstari unaopanda, lakini kimo cha kujengea kinatokana na ncha. Kwa jedwali lililorefushwa, 92 ni kina cha kama mita 3.5, yaani zaidi ya mita moja juu ya jukwaa la sasa. Kama mngejenga kwa kufuata 84 mliyoisoma awali, mngekuwa chini ya maji ya siku ileile kwa kama sentimita 14. Na kwa kuwa sehemu hiyo ya mstari ni ya vipande, msiitegemee grafu peke yake: tafuteni alama za tope na takataka zilizonasa kwenye nguzo za daraja, kwenye kuta, na kwenye miti ya ukingoni, kisha mpime kimo chake kwa kamba na pima maji kutoka rula ya mto. Chagueni alama za mahali ambapo maji yalitulia, kwa sababu yanapogonga nguzo kwa kasi hupanda juu zaidi ya uso wake wa kawaida. Alama tatu zikikubaliana karibu na mita 3.5, kilele cha grafu kimethibitishwa kwa kina, hata kama kiasi cha maji bado kina shaka. Mafuriko hayo ni mamoja tu, na makubwa kuliko hayo yanaweza kuja, kwa hiyo nafasi ya ziada juu ya alama ni lazima. Kiasi chake akiamue mhandisi mwenye kumbukumbu za miaka mingi ya mto huo.

Upande wa kushuka nitaugusia kwa ufupi, kwa kuwa hamkuuuliza lakini mtauhitaji. Mstari unarudi chini ya 40 karibu na saa 9 usiku, kwa hiyo jukwaa lilikaa majini kwa muda wa kama saa 8 na nusu. Unashuka taratibu kuliko ulivyopanda kwa sababu maji yaliyoingia ardhini na kwenye mabonde ya pembeni huendelea kutoka kidogo kidogo baada ya mvua kukoma. Hakuna haja ya kumpeleka mtu yeyote ukingoni usiku kurudisha pampu. Ngojeni mchana, mkitazama pia kama mvua imeanza tena mlimani, kwa ile sababu ya mto ambao haujapungua.

Mtakaporudi ofisini, ombeni kwanza jedwali la namba zilizochorea grafu, yaani kina na mtiririko kwa kila saa pamoja na mvua kwa kila saa, kwa kuwa mkilipata hamtahitaji picha kabisa. Ikiwa ni lazima kupiga picha, simu iwe usawa wa katikati ya karatasi na ielekezwe moja kwa moja, pembe zote nne za karatasi zionekane, taa ya simu izimwe ili kioo kisimeremete, na baada ya picha nzima mpige nyingine za karibu za mihimili yote miwili, za kilele, na za maelezo madogo yaliyoandikwa chini. Katika picha mliyonitumia, maelezo hayo ya chini yamekatwa nusu, na huenda ndiyo yanayoeleza vile vipande vya mstari.